Waifai Moja, Watu Wanne: Nani Asubiri Saa Moja Usiku?

Katika nyumba ambako watu wanne wanachangia intaneti moja, simu ya video ikiganda wa kwanza kulaumiwa ni yule anayeangalia filamu. Runinga yake inaonekana, sauti yake inasikika hadi koridoni, na kila mtu ameshasikia kwamba filamu zinakula intaneti. Kwa hiyo sheria ya kwanza inayotungwa humwangukia yeye: asiwashe mpaka wenzake wamalize shughuli. Mara nyingi sheria hiyo haisaidii kitu. Simu zinaendelea kuganda, watu wanakasirikiana bure, na baada ya muda mmoja wao anajitoa kwenye mchango na kurudi kwenye bando la simu yake, ambalo huishia kumgharimu zaidi.

Ugomvi wa namna hii una chanzo kinachoweza kupimwa. Ukishapimwa, sheria za haki si ngumu kuzitunga, na nyingi kati yake hazimnyimi mtu chochote anachokihitaji kweli.

Chukua nyumba ya vyumba vinne pale Sinza, Dar es Salaam, yenye ruta ya laini ya 4G sebuleni. Tuseme kifurushi chake ni shilingi 80,000 kwa mwezi, kisicho na kikomo cha matumizi, na kila mkazi anatoa 20,000. Chumba cha kwanza yupo mwalimu anayewafundisha Kiswahili wageni walioko Ulaya kwa njia ya Zoom, kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, kwa sababu ndipo wanafunzi wake wanapokuwa wametoka kazini. Cha pili yupo mwanafunzi wa uuguzi, ambaye usiku huangalia mihadhara iliyorekodiwa. Cha tatu ni cha mfanyabiashara wa Kariakoo, ambaye akishafunga duka hupumzika na tamthilia. Cha nne anakaa kijana anayepiga picha za harusi. Huyu hana runinga, haangalii filamu, na wenzake wote wanaamini ndiye mtumiaji mdogo kuliko wote.

Hesabu ya kwanza ni ya kasi iliyopo. Tangazo la kifurushi linasema "hadi" megabiti 20 kwa sekunde, lakini neno "hadi" halimhudumii mtu saa 1 usiku, wakati mtaa mzima uko kwenye mnara uleule. Kasi inayohesabika ni ile mnayoipima wenyewe, saa ile ile ya ugomvi, kompyuta ikiwa karibu na ruta na vifaa vingine vimetulia. Fungua `fast.com`, subiri namba kubwa itulie, kisha bonyeza `Show more info`. Hapo utaona pia kasi ya kupakia, iliyoandikwa `Upload`, ambayo watu wengi hawajawahi kuitazama. Tuseme nyumba yetu inapata megabiti 10 za kupakua na 2 tu za kupakia. Kwenye mitandao ya simu ni kawaida njia ya kupanda kuwa nyembamba kuliko ya kushuka. Kwenye faiba wakati mwingine hulingana, wakati mwingine hapana, na namna pekee ya kujua ni kupima.

Sasa tujumlishe mahitaji. Zoom kwa watu wawili wakionana kwa ubora wa 720p inahitaji takribani megabiti 1.2 kwenda na 1.2 kurudi. Netflix wanashauri megabiti 5 kwa filamu ya 1080p na 3 kwa 720p. Muhadhara wa mwanafunzi tuupe 2.5. Tukijumlisha upande wa kupakua, hata mfanyabiashara akiangalia kwa ubora wa juu, tunapata 8.7, na nyumba ina 10. Kwa karatasi, wote watatu wanatosha. Lakini mwalimu bado anakatika.

"Kaka, naomba upunguze hiyo tamthilia, wanafunzi hawanisikii," anaita kutoka chumbani.

"Dada, mbona nimeizima tangu saa ile? Hata runinga yenyewe haijawashwa."

Hapo ndipo unapohitajika mtihani wa dakika tano, na ni vizuri wote wanne wakae mezani waushuhudie. Kwenye kompyuta ya Windows fungua `cmd` na uandike:

```
ping -n 30 8.8.8.8
```

Kompyuta itatuma ujumbe mdogo mara 30 na kuonyesha kila mmoja umechukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi, mbele ya neno `time`. Fanyeni mara tatu. Mara ya kwanza nyumba ikiwa kimya, na tuseme namba zinacheza kwenye 40. Mara ya pili washeni filamu peke yake: namba zinapanda hadi 90, moja moja zinarukia 150, kisha zinashuka. Mara ya tatu zimeni filamu, mpiga picha aanze kupeleka picha za harusi ya Jumamosi kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Namba zinaruka hadi 900 na zinabaki hukohuko. Sekunde nzima, karibu, kwa kila ujumbe. Mwongozo wa kimataifa wa mawasiliano ya simu unataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu wazungumze kwa raha. Ikichelewa hivi, mwalimu anauliza swali, anadhani hajasikika, anarudia, na jibu linamfikia katikati ya sentensi yake ya pili.

Kwa nini picha zifanye kile ambacho filamu haikukifanya? Jibu liko kwenye foleni. Kila kifaa cha mtandao kina sehemu ndogo ya kuhifadhia data inayosubiri kutoka. Mpiga picha anapopakia, kompyuta yake inasukuma haraka kadiri inavyoruhusiwa, na ile sehemu inajaa. Ikiwa inabeba kilobaiti 225, hizo ni megabiti 1.8, na njia inayotoa megabiti 2 kwa sekunde itachukua sekunde 0.9 kuzimaliza. Sauti ya mwalimu ni kidogo mno, lakini inapofika inakaa nyuma ya foleni hiyo, kama abiria mwenye bahasha mkononi aliyekwama nyuma ya mtu anayepakia magunia ya viazi kwenye daladala. Kununua kasi kubwa zaidi ya kupakua hakutaondoa jambo hili hata kidogo.

Kuna jingine la kushangaza katika mtihani huo. Picha zikiwa zinapanda, hata filamu na mihadhara husuasua, ingawa hizo zinashuka. Sababu ni kwamba kifaa kinachopakua lazima kirudishe taarifa fupi fupi za kuthibitisha kwamba kimepokea, na taarifa hizo nazo zinapanda kwa njia ileile iliyoziba. Kwa hiyo mtu mmoja ambaye hakuna anayemwona akitumia kitu anaweza kuikwamisha nyumba nzima. Wala si lazima awe mpiga picha. Simu ya kawaida iliyowekwa kuhifadhi picha na video zake mtandaoni kila ikipata waifai hufanya kazi hiyohiyo kimyakimya, mwenyewe akiwa jikoni anakaanga ndizi.

Mkishaona namba hizo pamoja, mazungumzo ya haki hubadilika. Nyumba nyingi huanza na swali la nani ana shughuli muhimu zaidi, na swali hilo halina mwisho mwema, kwa sababu kila mtu ametoa 20,000 yake na mapumziko ya aliyesimama dukani siku nzima si kitu cha kudharauliwa. Swali linalofaa ni nani anaweza kusubiri bila kuumia. Simu ya video haiwezi kusubiri hata nusu sekunde, maana hakuna namna ya kuhifadhi maneno ambayo bado hayajasemwa. Filamu inaweza, kwa sababu huvuta vipande kwa mikupuo na kuweka akiba ya sekunde kadhaa mbele, hivyo mtandao ukiyumba kidogo mtazamaji hajui. Muhadhara uliorekodiwa ni hivyohivyo, na zaidi ya hapo unaweza kupakuliwa mchana. Picha za harusi na masasisho ya programu yanaweza kusubiri mpaka usiku wa manane na hakuna atakayepungukiwa. Mpangilio ukifuata kusubiri, simu inatangulia, masomo na filamu vinafuata, upakiaji unakuwa wa mwisho. Hakuna aliyeambiwa kwamba kazi yake ni ya chini.

Kwa nyumba yetu, makubaliano yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa mlangoni mwa friji. Kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, hakuna kupakia mafaili makubwa wala kusasisha kompyuta. Katika saa hizo filamu inaangaliwa kwa 720p isipite. Mpiga picha ana usiku wote kuanzia saa 4. Harusi moja ikimpa gigabaiti 8 za picha, kwa kasi ya megabiti 2 zitamchukua karibu saa 9, kwa hiyo akianza saa 4 usiku zitakuwa zimefika saa 1 asubuhi, kabla hajanywa chai. Hesabu hiyo ifanyeni mbele yake, maana ndiyo inayomhakikishia kwamba hajanyang'anywa kitu. Siku mteja wake akitaka picha zilezile jioni, anatangaza kwenye kundi la WhatsApp la nyumba kabla ya saa 6 mchana, naye mwalimu anajua mapema kwamba afundishie bando lake la simu. Kila mkazi awe na haki ya ombi kama hilo mara moja kwa wiki: usaili wa kazi, mtihani wa mtandaoni, mechi ya fainali. Likizidi moja, linahitaji ridhaa ya wenzake. Mimi ningeacha Jumamosi na Jumapili bila ratiba kabisa, isipokuwa sheria ya kupakia. Nyumba yenye ratiba siku saba hugeuka bweni, na watu wazima hawaishi bwenini kwa hiari.

Karatasi peke yake haitoshi, kwa sababu vifaa vingi hupakia bila kumwuliza mwenyewe. Hapo ndipo mipaka ya vifaa inapoingia. Mahali rahisi pa kuanzia ni kwenye vifaa vyenyewe. Katika kompyuta ya Windows, ingia kwenye sifa za waifai ya nyumbani na uwashe `Metered connection`. Masasisho mengi makubwa yatasimama mpaka uyaruhusu. Kwenye simu, zima hifadhi ya picha ya moja kwa moja na uifungulie usiku ukienda kulala. Anayetumia Google Drive kwenye kompyuta atakuta ndani ya mipangilio sehemu iitwayo `Bandwidth settings`, ambamo anaweza kuweka kikomo cha kupakia. Hapa watu hukosea kipimo. Vifurushi huuzwa kwa kilobiti na megabiti, lakini Drive inauliza kwa kilobaiti, na kilobaiti moja ni kilobiti 8. Tukimpa mpiga picha kilobiti 400 kwa saa za jioni, namba ya kuandika ni 50. Akiandika 400, amejipa megabiti 3.2, zaidi ya nyumba nzima iliyo nayo.

Kwa kikomo hicho, mwalimu anachukua 1.2, mpiga picha 0.4, na zinabaki 0.4 za ujumbe na zile taarifa za uthibitisho. Foleni haijai. Rudieni mtihani wa `ping`: namba zikikaa chini ya 100 wakati somo linaendelea na picha zinapanda taratibu, mmepata.

Ruta nayo inaweza kusimamia mipaka, kama ina uwezo huo. Anwani yake kwa kawaida ni `192.168.0.1` au `192.168.1.1`, na imeandikwa kwenye kibandiko cha chini pamoja na neno la siri la kiwandani, ambalo mlibadilishe siku hiyohiyo. Ndani yake tafuteni `QoS` au `Bandwidth Control`. Kwanza wekeni kasi ya nyumba nzima chini kidogo ya ile mliyoipima, mathalani 1.7 badala ya 2 upande wa kupakia. Kujipunguzia kunaonekana kama hasara, lakini kunaihamishia foleni ndani ya ruta yenu, ambako mnaweza kuipanga, badala ya kuiacha ijae mahali msipoweza kupafikia. Kisha kipeni kipaumbele kompyuta ya mwalimu, na kiwekeeni kikomo kifaa cha mpiga picha. Ruta nyingi za laini za bei nafuu hazina mipangilio hii, na katika hali hiyo mipaka ya kwenye vifaa pamoja na karatasi ya frijini ndiyo mtakayoitegemea.

Mipaka ya ruta ina udhaifu unaozua tuhuma. Ruta hukitambua kifaa kwa namba yake ya waifai, na simu za siku hizi zinaweza kutumia namba ya bandia ili kulinda faragha. Kwenye aifoni mpangilio huo huitwa `Private Wi-Fi Address`. Simu ikibadilisha namba, ruta inaiona kama mgeni, na kikomo mlichoiwekea kinatoweka bila mtu kugusa kitu. Kabla hamjamwambia mwenzenu amewazunguka, angalieni kama mpangilio huo umewashwa, na mkubaliane kila mmoja auzime kwa waifai ya nyumbani peke yake.

Idadi ya vifaa pia ina sehemu yake, ila si kubwa kama watu wanavyodhani. Simu kumi zilizolala mezani hazijazi njia. Tatizo la idadi linatokea kwa wageni, na hasa kwa neno la siri lililoshamfikia jirani wa chini na binamu yake. Kila mkazi apewe nafasi ya vifaa viwili, runinga ihesabiwe ya wote, na wageni waingie kwa waifai ya wageni ambayo ruta nyingi zinaweza kuitoa, yenye neno lake la siri linalobadilishwa kila mwezi. Anayeshika ruta ataona orodha ya vifaa na wakati mwingine kiasi kila kimoja kilichotumia. Akubali mbele ya wenzake kwamba orodha hiyo itafunguliwa tu pakiwa na tatizo, na wote wakiwepo. Mambo ambayo mtu anasoma au kuangalia usiku si ya nyumba.

Kuna usiku ambao haya yote hayatafua dafu. Mnara ukielemewa, zile megabiti 2 zinaweza kushuka hadi 1.2, na mipaka iliyopangwa kwa 2 haitoshi tena. Dalili yake ni kwamba `ping` inakuwa mbaya hata nyumba ikiwa kimya. Hapo asilaumiwe mtu. Mwalimu aingie kwenye mipangilio ya video ya Zoom, azime `HD`, na mahitaji yake yatashuka hadi karibu kilobiti 600. Dalili nyingine ni intaneti kuwa nzuri sebuleni na mbaya chumba kimoja tu. Hizo ni kuta, na dawa yake ni kuihamisha ruta au kuvuta waya, wala si kumzimia mtu runinga. Umeme wa LUKU ukiisha, ruta inazimika pamoja na taa, hivyo anayeishi kwa simu za video aweke daima gigabaiti chache kwenye laini yake.

Kuhusu fedha, nyumba yenye kifurushi kisicho na kikomo igawane sawa. Adimu hapo ni saa mbili za jioni na njia nyembamba ya kupakia. Filamu ya saa 8 usiku haimpunguzii mtu chochote aliyelala. Kifurushi cha gigabaiti ni habari nyingine kabisa. Kwa makadirio ya Netflix wenyewe, saa moja ya ubora wa juu inaweza kufika gigabaiti 3, wakati saa ya somo la mwalimu kwa hesabu yetu ni kama gigabaiti 1.1 kwenda na kurudi. Anayeangalia saa tatu kila usiku anaweza kumaliza gigabaiti 270 kwa mwezi. Hapo kugawana sawa si haki, na ama alipe zaidi ama ashuke hadi ubora wa chini. Someni pia masharti ya vifurushi vinavyoitwa bila kikomo, maana vingine hupunguza kasi ukivuka kiwango fulani, na mkikivuka tarehe 20, siku zilizobaki mtagombana kama watu wenye bando.

Laini imesajiliwa kwa jina la mmoja wenu na alama yake ya kidole, kwa hiyo michango imfikie siku tatu kabla ya kifurushi kuisha, asikopeshe nyumba kila mwezi. Anayesafiri kwa wiki mbili aendelee kulipa yote, kwa sababu gharama haipungui akiwa Mwanza. Akiwa nje mwezi mzima, alipe nusu kushikilia nafasi yake, na wanaobaki wagawane iliyosalia. Anayehama atoe taarifa mwezi mmoja kabla, na neno la siri libadilishwe siku atakayokabidhi ufunguo. Mpangaji mpya akija, msimkabidhi karatasi ya zamani asaini tu. Mwulizeni anapiga simu za video saa ngapi na anapakia nini, halafu pimeni upya mkiwa naye.